Binamu na PS4 ya mtumba: gemu tano za kusaka kwanza, na majibu ya maswali yako yote

Binamu, hongera kwa PS4 yako. Maswali uliyonitumia kwa sauti wiki hii, pamoja na yale ya wadogo zako waliokuwa wakidakia nyuma, nimeyakusanya hapa na kuyajibu moja moja, ili uyasome kwa nafasi na uwe nayo mkononi siku ya kwenda kununua. Nimechagua kwa kuangalia hali yako hasa: nyumbani hakuna intaneti ya waya, unategemea bando la simu, na PS4 mtaichezea watu wengi. Kwa hiyo kigezo cha kwanza ni kimoja. Gemu iwe imekamilika ndani ya diski yenyewe.

Kaka, nipe orodha kwanza. Ni gemu zipi hizo tano?

Uncharted: The Nathan Drake Collection. The Witcher 3: Wild Hunt, lakini lile toleo la Game of the Year. Bloodborne, nayo iwe Game of the Year. Rayman Legends. Na FIFA 19.

Zote tano zinaingia kwenye PS4 ya GB 500 na hazijazi hata nusu yake. Witcher ndiyo nzito, kama GB 50, na Rayman ndiyo nyepesi kuliko zote.

Mbona unasisitiza sana "gemu kamili ndani ya diski"? Diski si diski tu?

Ndivyo wengi wanavyodhani, hasa sisi tuliokulia kwenye PS2, ambako ulikuwa ukitia diski gemu inawaka. PS4 inafanya kazi tofauti. Ukiingiza diski, mashine inanakili gemu kwenda kwenye hard disk yake, kisha inacheza kutoka huko. Diski lazima ibaki ndani kila unapocheza, lakini kazi yake inakuwa kuthibitisha kwamba gemu ni yako.

Hapo ndipo panapotokea tatizo. Wapo watengenezaji waliouza diski yenye sehemu tu ya gemu, wakitegemea kwamba mnunuzi atapakua iliyobaki. Spyro Reignited Trilogy ya mwaka 2018 ni mfano mzuri. Jaladani zimeandikwa gemu tatu, lakini diski ilibeba ya kwanza, na ya pili na ya tatu ilibidi zipakuliwe. Mtu mwenye bando la simu anakwenda nyumbani na theluthi ya kitu alichokilipia.

Gran Turismo Sport nayo utaiona sana kwa bei ya chini, na picha ya gari kwenye jalada inavutia. Gemu hiyo ilijengwa itegemee seva karibu kwa kila kitu, hadi kuhifadhi maendeleo yako. Seva zilifungwa tarehe 31 Januari 2024. Kabla hazijafungwa walitoa apdeti ya kuiwezesha ihifadhi bila mtandao, lakini apdeti hiyo nayo lazima uipakue. Diski peke yake, bila intaneti, inakuachia mbio chache tu.

Aina ya tatu ni gemu zenye diski mbili. Red Dead Redemption 2 na The Last of Us Part II zinauzwa na diski ya data na diski ya kuchezea. Mwenye diski moja hana kitu. Muuzaji anaweza kukupa moja bila nia mbaya kwa sababu ya pili ilibaki kwa mwenyewe wa kwanza. Ukizikuta, fungua kasha uhesabu.

Hizi tano nilizokuchagulia hazina mambo hayo. Unaweka diski, unasubiri inakili, unacheza.

Kwa nini Uncharted umeiweka juu kabisa?

Kwa sababu ni gemu tatu kwenye diski moja, na hadithi zake mtu asiye mchezaji anaweza kukaa pembeni akaangalia kama filamu. Zilitoka kwenye PS3 mwaka 2007, 2009 na 2011, kisha mwaka 2015 studio ya Bluepoint ikazihamishia PS4 na kuzisafisha. Picha zikawa kali zaidi na mwendo ukawa laini, fremu 60 kwa sekunde badala ya 30.

Zicheze kwa mpangilio. Ya kwanza inaonyesha umri wake: maadui wanakuja kwa mawimbi, unapiga risasi, wanakuja wengine. Usiikatie tamaa, maana ni fupi na inakufundisha kujificha, kulenga na kuparamia kuta. Kama mapigano yanakuchosha, menyu ina kiwango cha Explorer kilichoongezwa mahsusi kwenye mkusanyiko huu, ni chepesi kabisa, na wala hakuna aibu kukitumia.

Ya pili ndiyo iliyoifanya Uncharted ijulikane. Inaanza na Nathan Drake ameketi kwenye kiti cha treni, damu zinamtoka, halafu unagundua behewa lenyewe linaning'inia kwenye genge la theluji, na ni wewe wa kumpandisha, bomba moja baada ya jingine, huku vyuma vikikatika. Mbele zaidi unarudi kwenye treni hiyo ikiwa bado inakwenda. Unapita behewa hadi behewa, mandhari inabadilika kutoka msitu hadi milima, na treni inakata kona kweli wakati wewe unapigana juu yake. Nimeona gemu nyingi mpya zaidi ambazo hazijafika hapo.

Ya tatu nadhani mama yako atapenda kuiangalia. Drake anautafuta mji wa Iram wenye nguzo, ule uliotajwa katika Suratul Fajr pamoja na kaumu ya Adi. Safari inampeleka Yemen, sokoni kabisa, halafu inamtupa peke yake kwenye jangwa la Rub' al Khali. Sehemu ya jangwani hakuna bunduki, hakuna adui. Unasukuma kijiti cha pedi, mtu anatembea, anaanguka, anainuka. Watengenezaji walikuwa na ujasiri wa kuiacha iende pole pole hivyo.

Jambo moja ulijue mapema: gemu za awali zilikuwa na sehemu ya kucheza na watu mtandaoni kuanzia ya pili. Mkusanyiko huu haunayo. Kwako si hasara.

Witcher 3 nimeiona ya kawaida kwa bei nzuri. Kuna haja ya kusubiri Game of the Year?

Ipo, tena kubwa. Witcher 3 ilitoka Mei 2015. Baadaye wenyewe, CD Projekt Red wa Poland, wakatoa nyongeza mbili za kuuzwa, Hearts of Stone mwaka huohuo na Blood and Wine mwaka 2016. Hiyo ya pili peke yake inakupa nchi nzima mpya iitwayo Toussaint, yenye mashamba ya mizabibu na masaa zaidi ya ishirini ya kucheza. Toleo la Game of the Year la 2016 limebeba vyote ndani ya diski.

Ukinunua ile ya 2015 unapata pia matatizo ya 2015. Mojawapo litakugusa wewe moja kwa moja. Maandishi yalikuwa madogo mno, watu walilalamika, na ukubwa ukaja kuongezwa kwa apdeti. Kwenye televisheni yenu ya inchi 32, mkiwa mmekaa kwenye kochi, ile ya zamani mngeishia kukodoa macho. Game of the Year imetoka na marekebisho hayo tayari.

Ushauri wa kuanza: eneo la kwanza linaitwa White Orchard, na kazi yako kubwa pale ni kumwinda grifini anayeua watu. Usikimbilie kuondoka. Soma ubao wa matangazo kijijini, fanya kazi ndogo ndogo, na ujifunze kutengeneza mafuta ya kupaka upanga. Mchezo wenyewe unakufundisha uwindaji kwa utaratibu: unachunguza alipoua, unamjua mnyama alivyo, unaandaa dawa, ndipo unapigana. Ukishazoea mpangilio huo hapo White Orchard, huko mbele Velen hutahangaika.

Halafu wale wanaotaka kuwahi Hearts of Stone na Blood and Wine kwa sababu zimeandikwa kwenye jalada, waambie kwamba zimepangwa kwa mchezaji aliyefika kama kiwango cha 32 na 34. Zinasubiri hadi utakapokuwa umeenda mbali kwenye hadithi kuu.

Na kama utakutana na mchezo wa karata uitwao Gwent pale baa ya White Orchard, cheza na yule msomi anayekufundisha, kisha nunua karata kwa mwenye baa. Utashangaa utakavyoanza kupanga safari zako kufuata wachezaji wa Gwent.

Bloodborne nasikia ni ngumu kupita kiasi. Unataka niivunje pedi?

Ni ngumu, sikufichi. Lakini ina ugumu wenye kanuni, na sababu kubwa ya watu kuiacha ndani ya saa ya kwanza ni mambo mawili ambayo gemu haikuambii. Nitakuambia mimi.

La kwanza: unaamka kwenye chumba cha tiba, huna silaha, na chini kuna mbwa-mwitu mkubwa anakula maiti. Atakuua. Ni sawa. Ukifa mara ya kwanza unapelekwa mahali paitwapo Hunter's Dream, na hapo ndipo unapopewa silaha. Watu wengine wanapigana na yule mnyama kwa ngumi wakidhani ndiyo mtihani, wanakata tamaa bure.

La pili ndilo baya zaidi. Ukiua maadui unakusanya Blood Echoes, ambazo ni kama fedha na pia ndizo za kujiongezea nguvu. Lakini pale Hunter's Dream yule mwanasesere wa kukuongezea nguvu amelala tu, hasemi. Ataamka ukishapata walau Insight moja. Insight unaipata ukikutana na bosi wa kwanza, hata kama atakuua, au ukitumia kitu kiitwacho Madman's Knowledge, ambacho kimoja unaweza kukiokota kulekule Central Yharnam. Mchezaji asiyejua hili anazunguka mitaa ya Yharnam akiwa na nguvu zilezile za mwanzo, anakufa, anapoteza Echoes zake, anasema gemu haina haki. Wewe nenda ukamwone bosi, kufa, rudi, zungumza na mwanasesere. Kuanzia hapo mambo yanabadilika.

Ukifa, Echoes zako zinabaki pale ulipofia, au zinachukuliwa na adui aliyekuwa karibu. Utamjua kwa macho yanayong'aa. Muue yeye, unarudishiwa zote. Ukifa tena kabla ya kuzifikia, zimekwenda.

Kingine kinachoifaa nyumba yenu: Bloodborne inajihifadhi yenyewe kila mara, kwa hiyo umeme ukikatika unapoteza kidogo sana. Ila haina kusimamishwa. Ukiitwa na mama, hata ukifungua menyu, maadui wanaendelea kuja. Kimbilia kwenye taa, rudi Hunter's Dream, ndipo uitikie.

Kwa nini Game of the Year? Kwanza, ile ya Machi 2015 ilitoka na usubiri mrefu sana kila ukifa, skrini nyeusi yenye jina la gemu tu, na katika gemu ambayo utakufa mara nyingi hiyo inachosha kuliko maadui. Apdeti ilipunguza usubiri huo, na toleo la Game of the Year lililouzwa Ulaya limeshaibeba. Pili, ndani yake mna nyongeza ya The Old Hunters, ambayo kwa maoni yangu ina mabosi bora kuliko gemu yenyewe.

Kati ya hizi tano hii ndiyo utakayoitafuta kwa muda mrefu zaidi. Mwenye nayo haiachii kirahisi, na haijawahi kutoka kwa kompyuta, kwa hiyo hakuna njia ya mkato.

Na sisi wadogo? Tutacheza nini wote pamoja?

Rayman Legends. Inachezwa na watu hadi wanne kwenye televisheni moja, bila mtandao, na mtu anaingia katikati ya mchezo kwa kubonyeza kitufe tu. Kama mna pedi mbili, chezeni wawili na mpokezane. Mnakimbia, mnaruka, mnapigana vibao kwa bahati mbaya. Aliyekufa anageuka puto, na mwenzake akimgusa anarudi mchezoni, kwa hiyo hata mdogo kabisa hakai nje akilia.

Mwishoni mwa kila dunia ya mchezo kuna hatua ya muziki, ambako kuruka na kupiga kunakwenda na mdundo wa wimbo. Ya kwanza inaitwa Castle Rock. Chezeni hiyo sauti ikiwa juu.

Humo ndani pia mmewekwa hatua kama arobaini kutoka gemu iliyotangulia, Rayman Origins, unazozifungua taratibu. Na kuna kamchezo kanaitwa Kung Foot, mpira wa ngumi na mateke, ambako kwa uzoefu wangu ndiko watu wanakobaki usiku. Kitakachokosekana bila intaneti ni changamoto za kila siku na kila wiki. Mengine yote yapo.

FIFA 19? Kaka, hiyo ni ya zamani. Wenzangu wana za juzi.

Za juzi ni nzuri kwa mwenye intaneti, kwa sababu nguvu yao yote imekwenda Ultimate Team, ambayo bila mtandao haifunguki kabisa. Ukiondoa hiyo, unabaki na mechi za kawaida na Career, na kwa upande huo FIFA 19 haipitwi sana.

Hiyo ndiyo FIFA ya kwanza kuwa na Ligi ya Mabingwa Ulaya yenyewe, nembo, wimbo na vyote, baada ya miaka ambayo leseni ilikuwa kwa PES. Halafu ndani ya Kick Off kuna House Rules, kanuni za mtaani. Kuna Survival, ambapo ukifunga goli unapoteza mchezaji mmoja, kwa hiyo anayeongoza anazidi kupungukiwa. Kuna Headers & Volleys, ambapo goli la kuviringisha chini halihesabiki. Kuna No Rules, hakuna faulo wala otea. Watu wawili wasiolingana uwezo wakicheza Survival, mechi inabana hadi dakika ya mwisho, na hiyo nyumbani kwenu ina maana kubwa kwa sababu wewe unawashinda wadogo zako kila siku.

Vikosi ni vya msimu wa 2018/19. Ronaldo yupo Juventus. Samatta yupo Genk, mchukue, ana kasi ya kutosha kwa mpira mrefu. Wanyama yupo Tottenham.

Angalia kitu kimoja unaponunua: FIFA 19 ilitoka pia kwa PS3, ikiitwa Legacy Edition. Kasha la PS4 ni la bluu na limeandikwa PS4 juu. Diski ya PS3 haitacheza kwako hata ubembeleze, na ya PS5 vilevile.

God of War na GTA V mbona umeziacha?

Kwa sababu hizo huhitaji kuzisaka. Zipo kila duka, kila rafiki anayo, na utazipata kwa kubadilishana kabla hujamaliza Uncharted. God of War ya 2018 nikipewa nafasi ya sita naiweka hapo bila kufikiri. Inachezeka bila mtandao tangu mwanzo hadi mwisho. GTA V hadithi yake inachezeka, ile ya Online ndiyo inayotaka intaneti.

Nitajuaje kama diski ya mtumba ni nzima?

Hapa nisikilize kwa makini, maana mazoea ya DVD yatakudanganya. Diski ya PS4 ni Blu-ray. Kwenye DVD data imelala ndani, milimita 0.6 kutoka juu ya uso, kwa hiyo mkwaruzo ungeweza kung'arishwa na mashine ikapona. Kwenye Blu-ray data ipo milimita 0.1 tu kutoka juu. Ili kufidia hilo, uso umepakwa ngozi ngumu isiyokwaruzika ovyo. Matokeo yake ni kwamba michirizi myembamba kama nywele haina madhara, lakini mkwaruzo wenye kina unakuwa umeshaigusa data, na hakuna wa kuutengeneza. Anayekuambia "ikisuguliwa inapona" mshukuru, uondoke.

Tuchukue umepata Bloodborne Game of the Year. Kwanza toa diski uangalie maandishi yake, yawe yaleyale ya kasha. Makasha hubadilishwa, na ile ya kawaida ikiwa ndani ya kasha la Game of the Year huwezi kuijua kwa nje. Kisha washa tochi ya simu, ishike diski kwa kingo, iinamishe mbele ya mwanga. Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo unaoutilia shaka. Ukucha ukinasa, acha. Angalia pia duara la katikati, palipo na tundu. Ufa mdogo hapo huwa unakua diski ikizunguka.

Ikipita hapo, ijaribu kwenye PS4 yako mwenyewe, si ya muuzaji, maana ya kwake huenda gemu imeshanakiliwa zamani. Zima intaneti, weka diski, mstari wa kunakili utaanza. PS4 inakuruhusu kuanza kucheza kabla haijamaliza kunakili, na hapo ndipo watu wanaponaswa: wanaona mwanzo unafunguka, wanalipa, wanaondoka, kumbe sehemu mbovu ilikuwa bado haijafikiwa. Subiri hadi mstari uishe kabisa. Bonyeza OPTIONS juu ya picha ya gemu, halafu Information, uone kwamba hakuna kinachoendelea kunakiliwa. Kisha fungua gemu ucheze kidogo. Ikisimama njiani na kukuonyesha CE-34878-0, ifunge, ijaribu mara ya pili. Ikirudia palepale, rudisha diski. Ikiandika kwamba diski haitambuliki wakati diski nyingine zinasoma vizuri, hiyo nayo rudisha.

Mwambie muuzaji mapema kwamba utaijaribu. Anayekataa amekujibu tayari.

Nimeona moja imeandikwa Kiarabu kwenye jalada. Itafanya kazi?

Itafanya. Diski za PS4 hazifungwi na nchi. Iwe imetoka Ulaya, Marekani au Ghuba, inasoma. Tatizo linakuja ukitaka kununua nyongeza mtandaoni, kwa sababu nyongeza lazima ilingane na eneo la diski na la akaunti. Hiyo ni sababu nyingine ya kupenda matoleo yenye kila kitu ndani. Cha kukagua ni orodha ya lugha nyuma ya kasha. Ukiona Kiingereza kimetajwa, chukua.

Nimeweka diski, PS4 inadai apdeti ya mfumo. Bando langu litaisha?

Mara nyingine apdeti inayohitajika ipo ndani ya diski yenyewe, wewe unakubali tu. Isipokuwepo, nenda mahali penye intaneti ya bure, pakua faili kutoka tovuti rasmi ya PlayStation kwa kompyuta, uiweke kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32 au exFAT. Majina ya mafolda yawe kwa herufi kubwa, hivi:

```
PS4/UPDATE/PS4UPDATE.PUP
```

Chomeka flashi, fungua Settings, kisha System Software Update. Umeme uwe wa uhakika muda huo. Ukikatika katikati ya apdeti ya mfumo unaweza kupata kazi ya kuirudisha mashine.

Usichanganye apdeti ya mfumo na apdeti ya gemu. Ya mfumo, diski ikiidai, huna budi. Ya gemu unaweza kuiacha, na hizi tano zitacheza.

Muuzaji alisema PS4 yangu "imechipiwa". Hiyo ni nzuri au mbaya?

Ina maana mfumo wake umefunguliwa ili icheze gemu za kunakili, na kwa kawaida imebaki kwenye mfumo wa zamani. Fungua Settings, System, halafu System Information usome namba. Diski mpya kuliko mfumo huo zitadai apdeti, na ukiifanya, ule ufunguzi unaondoka. Hizi tano ni za 2014 hadi 2018, kwa hiyo yawezekana zikasoma bila kuigusa. Jaribu diski kwanza, usikubali apdeti yoyote kabla hujanipigia.

Nikiandikia muuzaji, nimwambie nini?

Mwandikie hivi, ubadilishe jina la gemu tu: "Habari ndugu. Naulizia The Witcher 3 Game of the Year ya PS4. Naomba picha ya diski upande wa maandishi, na nyingine upande wa chini ikiwa imeinamishwa kwenye mwanga. Pia naomba kuijaribu nyumbani hadi imalize kunakili kabla hatujamalizana." Picha zikija nitumie, nitaziangalia usiku nikitoka kazini.